Klorini kidogo, ozoni nyingi

"Klorini iliyoko huko juu ni sehemu tatu hivi katika bilioni ya hewa. Ozoni ni zaidi ya mara elfu yake. Kidogo hicho kitamalizaje kingi hicho?"

Pingamizi hili, dhidi ya maelezo kwamba klorini huharibu ozoni iliyoko stratosfia, tabaka la juu la hewa, hudharauliwa haraka mno. Katika mimenyuko mingi tuliyofundishwa, asidi na alkali kwa mfano, vitu viwili vikikutana vinamalizana na kilichozidi hubaki. Kwa hesabu hiyo, sehemu tatu za klorini zingeondoa sehemu tatu za ozoni, na hakuna kipimo ambacho kingehisi upungufu. Anayetilia shaka hajakosea hesabu. Kilichompita ni hali ya klorini baada ya kuungana.

Mwanga mkali wa urujuanimno ukivunja gesi za CFC zilizotoka kwenye majokofu, huachia atomu ya klorini yenye elektroni 17. Idadi hiyo ni witiri, kwa hiyo elektroni moja haina mwenza, na ndiyo maana tunaiita radikali. Ozoni ina elektroni 24, shufwa.

```
Cl + O3 → ClO + O2
ClO + O → Cl + O2
```

Jumlisha 17 na 24 upate 41. Witiri haigawanyiki kuwa shufwa mbili, kwa hiyo lazima mmoja kati ya wazao wawili awe na elektroni pweke. Oksijeni huchukua 16, ClO hubaki na 25 na kuwa radikali mpya. Ikikutana na atomu ya oksijeni, yenye elektroni 8, klorini ileile inatoka tena huru. Ozoni imekwenda, klorini haijapungua hata chembe.

Mnyororo hukatika pale tu upweke huo unapohamia kwingine au unapopata mwenza. Klorini ikinyang'anya methani hidrojeni, inakuwa HCl yenye elektroni 18, na upweke unaondoka na CH3. ClO ikikutana na NO2, radikali nyingine yenye elektroni 23, wawili hao wanakuwa ClONO2 tulivu. Lakini njia ya methani ni ya polepole: kwenye baridi ya takriban nyuzi 50 chini ya sifuri, klorini humenyuka na ozoni kwa wepesi wa mara mia kadhaa kuliko na methani. Na HCl nayo haijafa, kwa sababu radikali ya OH huweza kuifungua.

Hapo ndipo inapotoka ile 100,000 inayotajwa kila mahali, kwamba atomu moja ya klorini huvunja molekuli 100,000 za ozoni, nami naona inatajwa vibaya. Si sifa ya atomu ya klorini. Ni wastani wa makadirio: mizunguko yote ya atomu moja, pamoja na vipindi virefu inavyolala ndani ya HCl na ClONO2, mpaka hewa iliyoibeba ishuke chini na mvua iioshe. Tena jua linaendelea kutengeneza ozoni nyingine wakati huohuo. Anayezidisha 100,000 kwa klorini yote na kudai ozoni ingekuwa imeisha zamani anapewa sababu na sisi tunaoitaja namba bila maelezo hayo.

Shimo la ozoni la Antaktika lenyewe halihitaji namba kubwa kiasi hicho. Wakati wa baridi kali ya huko, nyuzi 78 hivi chini ya sifuri, mawingu ya stratosfia hutokea, na juu ya chembe zake HCl na ClONO2 humenyuka na kutoa Cl2. Jua likirudi, Cl2 inapasuka. Kwa kuwa atomu za oksijeni ni haba huko, ClO mbili huungana zenyewe kuwa ClOOCl, na mwanga huivunja kuachia klorini zote mbili. Chukua ozoni sehemu 3,000 kwa bilioni na klorini iliyoamka sehemu 2. Septemba ozoni hupungua kwa takriban asilimia 2 ya kiasi hicho kwa siku, yaani sehemu 60. Kila atomu ya klorini imevunja molekuli 30 tu kwa siku, na ndani ya siku 50 hivi, molekuli 1,500. Hiyo yatosha kumaliza ozoni ya tabaka hilo.

Mwaka 1987 ndege ya utafiti ER-2 iliyoruka kutoka Punta Arenas, Chile, iliingia ndani ya hewa hiyo kwa kilomita 18 juu. Mwishoni mwa Agosti ClO ilikuwa imeshapanda sana lakini ozoni ilikuwa haijashuka sana. Katikati ya Septemba, popote ClO ilipopanda, ozoni ilikuwa imeporomoka, mpaka kwenye mikunjo midogo ya mchoro. Mwenye shaka alitaka kuona kidogo kikila kingi, na wiki hizo chache zilitosha kukiona kikila.