Moja Yenu Ilikuwa Moja Gani?

Kwa mliokwisha kupata toleo la jamaa wa chumba chetu: sijakimbizwa na mama ntilie kwa mwiko. Kaniita tu, mwiko ukiwa mkononi mwake. Hayo mengine jamaa kayatia chumvi, na maji ya Dodoma tayari yanayo ya kutosha.

Dodoso lilikuwa la somo la utafiti: wanafunzi wanakionaje chakula cha mama ntilie wa nje ya geti. Swali la kwanza niliandika hivi: "Je, huoni kwamba ugali na mlenda wa hapa ni vitamu na bei ni nafuu?" Mmoja akauliza, "Vitamu ndiyo, nafuu hapana. Tiki niweke wapi?" Nikamwambia weka ndiyo, twende. Na wote walijazia pale pale kibandani, mama akipakua. Nani angeandika hapana na sahani yake bado haijafika?

Swali la pili: "Toa alama 1 hadi 5." Basi. Karatasi 40, wastani 1.8.

Mnaocheka, subirini.

Nimesimama mbele ya darasa, nimevaa shati la kuazima. Nasoma kwa sauti ya mtaalamu: "Wateja hawaridhiki kabisa." Mhadhiri anavua miwani. Anaifuta. Anaivaa tena. "Swali la kwanza wote wamesema vitamu. Sasa hapa, moja ni nini?"

"Mbaya sana, Dokta."

"Imeandikwa wapi?"

Nageukia ukutani kama vile maandishi yatajitokeza. Feni inazunguka. Kutoka nyuma sauti inasema, "Mimi nilijua moja ni divisheni wani."

Darasa likaanguka. Dokta akawaambia walioweka moja wanyooshe mikono, kisha waliomaanisha kizuri wabaki wamenyoosha. Karibu nusu wakabaki. Nikajitetea: si nigeuze tu, sita toa 1.8, tupate 4.2? Akasema ingewezekana kama wote wangesoma mizani kinyume. Hapa kila moja ina maana yake, na karatasi hazina majina. Utageuza ya nani?

Data zote, kwaheri. (Aliyepiga picha, ifute. Nakujua.)

Nikarudia kazi. Sasa ladha ina swali lake na bei lake: "Unaonaje ladha ya chakula cha hapa?" Chini yake maneno: mbaya sana, mbaya, ya wastani, nzuri, nzuri sana. Nikawajaribishia watano kwanza, kila mmoja anieleze kwa maneno yake alivyolielewa swali. Na wanajazia bwenini, mbali na mwiko.

Tatizo ni kwamba jamaa alishafikisha ile 1.8 kibandani. Mama akaniita mbele ya foleni nzima.

"Mwanangu, hiyo moja nukta nane ni ya chakula changu, au ni ya sahani ninazokudai?"