Maneno ya tahadhari yanayorundikana katika sharti la kutunza unyevu wa zege

Katika masharti ya kiufundi ya ujenzi, sentensi ninayoiogopa zaidi ni ile iliyojaa maneno ya tahadhari kiasi kwamba msimamizi hawezi kuthibitisha kuwa imevunjwa. Nimeitunga hii kwa mtindo ambao wasomaji wa nyaraka za zabuni watautambua:

"Zege la slabu litatunzwa unyevu ipasavyo kwa muda wa kutosha usiopungua takriban siku 7, kadiri itakavyowezekana, hasa kwenye sehemu zilizo wazi, isipokuwa mhandisi aelekeze vinginevyo."

Ukiisoma haraka, inaonekana kali. Mkandarasi anayeisoma huku akipanga bei huona jambo jingine. Neno "usiopungua" linaweka kikomo cha chini, na "takriban" linakiondoa palepale, kwa hiyo siku 6 zinaweza kutetewa. "Kadiri itakavyowezekana" halisemi kama linahusu muda, namna ya kutunza au mahali pa kutunza. Gari la maji lisipofika siku ya nne, mkandarasi atasema haikuwezekana, na sentensi itamuunga mkono. "Hasa" linaashiria kwamba sehemu nyingine nazo zinahusika, ila kwa kiwango kidogo ambacho hakikutajwa. "Ipasavyo" na "wa kutosha" hayampi yeyote cha kupima.

Katika zege, utata huu una hatari ya pekee kwa sababu kasoro yake haionekani katika majaribio ya kawaida. Vipande vya mchemraba vya kupimia nguvu hukaa ndani ya tangi la maji hadi siku ya 28, hivyo vinaweza kufaulu vizuri ilhali slabu yenyewe ilikauka siku ya tatu. Kinachoathirika kwanza ni tabaka la juu, ambako saruji hukosa maji ya kuendeleza mmenyuko wake. Nalo ndilo linalopaswa kuzikinga nondo za juu zisipate kutu. Ushahidi wa kazi kufanyika vibaya unapatikana katika siku zile saba tu, na lazima sharti liseme utakusanywaje.

Kwa maoni yangu, kufuta maneno hayo bila kuuliza yaliingiaje ni kosa jingine. Kila moja liliandikwa na mtu aliyekuwa na hofu halali, na hofu hiyo inastahili sentensi yake. Nyuma ya "kadiri itakavyowezekana" huenda kulikuwa na kingo za wima ambazo maji hayawezi kutuama juu yake. Nyuma ya "isipokuwa mhandisi aelekeze" huenda kulikuwa na saruji iliyochanganywa na majivu ya makaa, ambayo hupata nguvu polepole na huhitaji muda mrefu zaidi. Hayo yakijulikana, sharti huandikwa upya hivi:

"Mkandarasi atauweka uso wote wa slabu, pamoja na kingo zake, ukiwa na unyevu mfululizo kwa saa zisizopungua 168. Saa zitahesabiwa tangu kukamilika kwa kusawazisha sehemu iliyomwagwa mwisho. Uso wa juu, na kila ukingo ulioondolewa mbao, utafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, kisha kwa karatasi ya plastiki. Mkandarasi na msimamizi watafunua na kukagua kila asubuhi na jioni, na kuandika matokeo. Uso ukikutwa mkavu, saa zilizopita tangu ukaguzi wa mwisho ulioonyesha unyevu hazitahesabiwa. Mhandisi anaweza kuongeza muda kwa maandishi kabla ya zege kumwagwa."

Sentensi ya tano ndiyo ninayoithamini zaidi. Hakuna atakayejua slabu ilikauka saa ngapi usiku, na bila kanuni hiyo kila upande ungedai saa inayoufaa. Haimaanishi kwamba kulowesha upya kunarudisha yote yaliyopotea, kwa maana zege lililokauka mapema halirudi kikamilifu katika hali yake. Inaamua tu saa zipi zisihesabiwe.

Mpaka wa kazi hii ni ruhusa zenye vipimo. Sharti linalosema nondo zifunikwe na zege la milimita 40, na upungufu usizidi milimita 5, libaki lilivyo, kwa sababu mafundi hawawezi kufanya kazi bila nafasi ya kukosea kidogo, na nafasi hiyo imetajwa kwa tarakimu ambayo pande zote mbili zinaisoma sawa.

Wapo wanaosema masharti ya namna hii hupandisha bei. Mimi naona gharama ya magunia, maji na mtu wa kuyalowesha ilikuwepo tangu awali. Sentensi ya kwanza ilimwezesha mzabuni aliyeisoma kwa wepesi kumshinda yule aliyeihesabu kwa uaminifu. Ndiyo maana usafishaji huu ufanyike kabla zabuni hazijafungwa, wakati washindani wote wanaweza kupewa maandishi yaleyale. Baada ya kusaini, ufafanuzi huohuo hugeuka kuwa msingi wa mkandarasi kudai malipo ya ziada.