Kifunge! Kifunge!

Mwanafunzi wangu wa Kiswahili ni mtafiti wa samaki kutoka Ujerumani, na kwa muda mrefu nilikuwa nikitamba naye mbele ya walimu wenzangu hapa Kisumu. Akizungumzia Ziwa Viktoria hana mpinzani. Atakutajia ngege, kamongo na omena, atakueleza jinsi mbuta alivyoingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na jinsi alivyowatafuna samaki wadogo wa asili, na upatanisho wake wa kisarufi hautayumba hata kidogo. Lakini mtoe ziwani umwingize jikoni, uone maajabu. Sufuria ni kitu, kifuniko chake ni kitu, na mwiko ni kitu cha kukorogea vitu.

Si ajabu, kwa kweli. Kiswahili chake alikipata kwa wavuvi, katika ripoti na katika mihadhara; hakuna mama aliyewahi kumtuma dukani kwa Kiswahili, akarudi na bidhaa siyo, akatumwa tena huku akifokewa. Tena alisema kwa kasi na kwa kujiamini, hivi kwamba msikilizaji mwenyewe ndiye aliyejaza mapengo na kuondoka akimsifu. Katika viwango vya lugha vilivyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, mwanafunzi wa kiwango cha B1 anaruhusiwa kuliita basi "lori la watu", na yule wa C1 anatarajiwa kuziba pengo la msamiati kwa maelezo bila kuonekana akitapatapa. Wangu alikuwa amevuka ngazi zote mbili bila kuzikanyaga: jina halijui, maelezo hatoi, anasema "kitu" na kusonga mbele.

Jumapili moja nilimwalika kwa chakula cha mchana, siku ambayo mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Vihiga. Samaki alikuwa mezani, ugali unafuka moshi, na mtoto wa jirani alikuwa amekwisha kushika birika la kunawisha wageni. Mtafiti akakataa katakata kunawishwa kama mzee wa kijiji, akainuka na kuelekea jikoni kwenye sinki. Mfereji wa sinki lile ulikuwa umelegea tangu zamani, na sisi wenyeji tuliujua kwa hulka zake na kuufungua kwa vidole viwili. Yeye aliufungua kwa nguvu za Kijerumani.

Tukasikia mlio, kisha mngurumo, kisha sauti yake.

"Mwalimu! Kitu kimetoka kwenye kitu!"

Nilipofika mlangoni, maji yalikuwa yakigonga dari na kurudi chini kama mvua ya masika, naye amebandika viganja vyote viwili juu ya bomba, miwani imejaa matone.

"Funga kile kitu cha nje!" akapiga kelele. "Kifunge! Kifunge!"

Hapa naomba msomaji anielewe. Mimi ni mwalimu wa sarufi, na sarufi ndiyo inayonilisha. Nikiambiwa "ufunge", ninaelekea mlangoni. Nikiambiwa "lifunge", ninatafuta dirisha au geti. Nikiambiwa "ifunge", nitaiendea koki bila kuuliza. Kiambishi kile kidogo humpa msikilizaji nusu ya jina hata pale ambapo jina lenyewe limesahaulika. Ubaya wa "kitu" ni kwamba halifichi jina tu, bali linaliburuta kila neno linalofuata hadi kwenye ngeli ya ki-vi, na hivyo linafuta hata ile nusu iliyosalia. Alichotaka kilikuwa koki kuu iliyo karibu na mita ya maji, nami masikio yangu yaliyofunzwa vyema yalikuwa yakisaka nomino yoyote inayoanza kwa ki-.

Kitasa! Nikauvuta mlango wa nyuma na kufunga kitasa chake mara mbili, kwa makini.

"Siyo hicho! Kile kitu kingine!"

Kifuniko! Nikakishika kifuniko cha pipa la maji lililokuwa pembeni na kukigandamiza vizuri, huku maji yakinifika vifundoni. Mama alikuwa amesimama kizingitini, amepandisha leso hadi magotini. "Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "hilo pipa limekukosea nini?"

Hapo ndipo mtafiti alipokumbuka nomino halisi, ya kwanza tangu aingie jikoni, na uso ukamng'aa. "Mpira!" akasema. "Leteni mpira!" Mtoto wa jirani, ambaye muda wote alikuwa ameshika birika lake bila ajira, akalitupa na kutoweka kwa furaha. Alirejea na mpira wa miguu, mpya kabisa, akausimamisha katikati ya maji na kungoja timu zipangwe.

Aliyetuokoa ni mwendesha bodaboda wa ploti yetu, ambaye alikuwa amegonga mlango wa nyuma kwa muda akishangaa kwa nini umefungwa. Hakuuliza "kitu gani", swali ambalo lingezaa "kitu" kingine. Aliuliza maswali ya kuchagua. "Ndugu, ni ya kufunga au ya kukata?" Ya kufunga. "Ya chuma ama ya kuvutika?" Ya kuvutika! "Basi unataka blada, ile ya kufungia mzigo." Akaifungua kwenye pikipiki yake, akalizongazonga bomba, na alipokuwa akitoka akaizungusha koki kuu kama mtu anayezima redio. Tulikula samaki wa baridi, na Mama akashauri wageni wote wanawishwe kuanzia siku hiyo.

Niliyaiba maswali ya yule kijana yakawa somo. Nilimpiga marufuku mtafiti kusema "kitu", na badala yake kila nomino iliyompotea aiendee kwa hatua: kwanza jamii yake, yaani kama ni chombo, kifaa, kiungo au vazi, kisha malighafi, kisha umbo, na mwisho kazi yake. Nilimwonyesha pia kwamba mara nyingi kazi hiyo inazaa jina lenyewe, kwa sababu cha kufunikia ni kifuniko, cha kuzibia ni kizibo, cha kuzibulia ni kizibuo na cha kufutia ni kifutio. Aliipenda kanuni hiyo kupita kiasi. Wiki nzima alikiita kijiko "kilio", kwa hoja kwamba ni cha kulia, na Mama akadhani kuna msiba.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Kibuye siku ya soko, nami nikasimama kando. Alianza vibaya, kwa kuomba "parafujo", neno alilolitoa kwenye kamusi akiwa na uhakika wote duniani, na muuza vyuma akamwelekeza kwa heshima kwenye duka la dawa. Nikamnong'oneza kwamba hapa watu husema skrubu. Akajikusanya upya, akanyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya mhadhara:

"Mzee wangu, naomba kifaa cha mkono, chenye mpini wa plastiki na ufito wa chuma wenye ncha bapa, ambacho fundi hukitumia kukazia na kulegezea skrubu."

Mzee alimsikiliza hadi nukta ya mwisho, kichwa amekiinamisha kama mtu aliye kwenye ibada. Kisha akaingiza mkono kwenye sanduku lililo nyuma yake na kumkabidhi bisibisi.

"Sasa kijana," akamwambia, "si ungesema tu unataka ile kitu?"