Kipokezi Kisikate Shauri Mapema

Nina neno na wenzangu tunaofundisha vijana mawasiliano ya redio hapa Kisumu na viungani mwake. Algoriti ya Viterbi, ile njia ya kipokezi kutafuta ujumbe uliotumwa hata kama kelele imegeuza baadhi ya biti, tunaifundisha nusu. Mwanafunzi anajifunza kuhesabu biti zilizotofautiana, anachora mistari yake kwenye karatasi, anafaulu mtihani, basi. Ile nusu nyingine, ya kipokezi kutunza shaka yake mpaka mwisho, inaachwa kama nyongeza ya wenye muda. Kwa maoni yangu nusu hiyo ndiyo ingetangulia, na sababu yangu inaonekana wazi ukifanya hesabu moja ndogo kwa mkono. Tuifanye.

Msimbo wa konvolusheni, ambao Peter Elias aliuleta mwaka 1955, hauongezi biti za ulinzi mwishoni mwa ujumbe. Unauchanganya ujumbe wenyewe na historia yake. Chukua ule mdogo kabisa unaofaa kufundishia. Una kumbukumbu ya biti mbili zilizotangulia. Kila biti mpya ikiingia, zinatoka mbili: ya kwanza ni jumla ya biti mpya na zote mbili za kumbukumbu, ya pili ni jumla ya biti mpya na ile kongwe tu. Jumla hii haibebi, kwa hiyo 1 na 1 ni 0. Tukitaka kutuma 1011, tunaongeza sufuri mbili mwishoni ili kumbukumbu irudi tupu, na kinachoenda hewani ni jozi sita. Tuseme kelele imegeuza biti mbili njiani, moja kwenye jozi ya pili na moja kwenye jozi ya tano:

```
zilizotumwa:    11 10 00 01 01 11
zilizopokewa:   11 11 00 01 11 11
```

Kipokezi hakijui ni zipi zilizogeuka. Kinachojua ni kwamba kisimbaji, yaani kile kilichotengeneza jozi hizo, kumbukumbu yake ina hali nne tu, yaani 00, 10, 01 na 11, tukiandika biti mpya zaidi kwanza. Kutoka kila hali kuna njia mbili za kwenda mbele, na kila njia ina jozi yake maalumu. Kutoka 00, kwa mfano, biti 0 inatoa 00 na biti 1 inatoa 11. Hakuna njia ya kutoa 10 hapo. Kwa hiyo si kila mfuatano wa biti unawezekana, na huo ndio ulinzi wote tulio nao.

Alichoonyesha Andrew Viterbi mwaka 1967 ni kwamba huhitaji kujaribu kila ujumbe unaowezekana. Njia mbili zikikutana kwenye hali moja, kuanzia hapo mbele zina mustakabali uleule. Lolote litakaloongezwa kwa moja litaongezwa kwa nyingine. Basi iache yenye gharama kubwa, ubaki na moja. Gharama hapa ni idadi ya biti ambazo njia hiyo inatofautiana na zilizopokewa. Ujumbe uwe na biti 1,000 au milioni, wakati wowote unabeba njia nne tu zilizosalia, moja kwa kila hali.

Tufuate mfano wetu. Jozi ya kwanza ni 11. Kubaki 00 kunagharimu 2, kwenda 10 kunagharimu 0. Jozi ya pili, ambayo imeharibika, inatuacha na gharama 4 kwa hali 00, 2 kwa 10, na 1 kwa kila moja ya 01 na 11. Njia ya kweli iko 01, lakini kipokezi hakina namna ya kulijua hilo bado, maana 11 imefungana nayo. Na hakilazimiki kuchagua. Kinaendelea. Jozi ya tatu ikiingia, njia ya kweli inahamia 10 ikiwa na gharama 1 na zingine zina 2 au zaidi. Jozi ya nne inaipeleka 11, bado gharama 1. Kisha inakuja jozi ya tano, yenye kosa la pili, na sasa tunajua biti za ujumbe zimekwisha na zinazokuja ni sufuri, kwa hiyo zimebaki hali mbili tu za kuangalia: 00 yenye gharama 2 na 01 yenye gharama 2. Sare tena! Njia moja inasema ujumbe ni 1011, nyingine inasema ni 1110.

Jozi ya mwisho ni 11. Njia iliyo kwenye 01 inatarajia 11 hasa, inabaki na 2. Ile iliyo kwenye 00 ilitarajia 00, inapanda hadi 4. Unarudi nyuma kwenye njia iliyoshinda, unasoma biti zake, na ujumbe unatoka 1011. Makosa mawili yamesahihishwa, na zile sufuri mbili za mkiani, ambazo wanafunzi huziona kama upotevu, ndizo zilizoamua. Msimbo huu unaahidi hivyo: njia mbili halali zinatofautiana kwa biti 5 au zaidi, kwa hiyo makosa mawili hayawezi kuifikisha moja kwenye nyingine.

Darasa huwa linaishia hapo, na hapo ndipo ninapotaka tuanzie.

Ongeza kosa la tatu. Biti ya kwanza ya jozi ya mwisho nayo igeuke, ipokewe 01 badala ya 11. Njia ya kweli sasa inamaliza na 3. Ile ya 1110 nayo inamaliza na 3. Kipokezi kimekwama; kitatupa shilingi. Lakini jiulize zile 0 na 1 kipokezi kilipewa na nani. Hewani hakuna 0 wala 1. Kuna volti. Tuseme 1 inatumwa kama +1 na 0 kama −1, kelele inajiongeza, na antena inapokea +0.9, −1.2, +0.1, chochote kile. Kuna sakiti mahali fulani iliyoangalia ile +0.1 ikasema "hii ni 1", kwa uhakika uleule iliousema kuhusu +0.9. Hapo ndipo taarifa ilipotupwa, kabla Viterbi hajaanza kazi. Mtu akikusomea namba ya simu kwenye upepo wa ufuoni na hukusikia vizuri kama ni tatu au tano, huiandiki tano ukaisahau shaka. Unaiandika ukijua kwamba ile tarakimu ndiyo ya kutiliwa mashaka baadaye.

Rudia mfano na volti zenyewe. Biti tisa zilizofika salama zipe nguvu ya 0.9 kila moja, kwa upande wake sahihi. Zile tatu zilizogeuka zilifika dhaifu: +0.1 kwenye jozi ya pili, +0.2 kwenye ya tano, −0.1 kwenye ya mwisho. Njia zetu mbili zinatofautiana mahali sita tu. Kwa kuhesabu biti ilikuwa tatu kwa tatu. Sasa badala ya kuhesabu, jumlisha volti pale njia inapokubaliana nazo, na utoe pale inapopingana nazo. Njia ya 1011 inapata 0.9 mara tatu, inapoteza 0.1, 0.2 na 0.1, jumla +2.3. Njia ya 1110 inapata −2.3. Hakuna sare hapa, wala hata ushindani. Algoriti ni ileile, hali ni zilezile nne, hatua ni zilezile sita. Kilichobadilika ni namba inayoongezwa kwenye kila njia.

Faida yake kwenye kelele ya kawaida ya joto ni kama desibeli 2. Kwa lugha ya mtu anayelipa umeme wa sola, kisambazaji cha wati 10 kinafanya kazi kama cha karibu wati 16, bila kugusa kisambazaji chenyewe. Wala huhitaji kutunza volti kwa usahihi mkubwa: ukizigawa katika viwango 8 tu, yaani biti 3 kwa kila sampuli, unapoteza takriban robo desibeli. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba somo hili ni zito mno kwa wanaoanza. Anayeweza kujumlisha na kutoa analiweza. Na ule msimbo atakaoukuta kazini, wenye kumbukumbu ya biti sita, hali 64 na vizalishi 171 na 133 kwa oktali, yaani namba zinazosema ni biti zipi zijumlishwe, uliotumika kwenye vyombo vya Voyager na baadaye kwenye Wi-Fi ya 802.11a na g, unaenda kwa mwendo huuhuu.

Kuna mahali ambapo hata volti hazisaidii, na watu wa ziwani tunapajua. Viterbi anavumilia makosa yaliyotawanyika. Yakija mfululizo anapotea njia, na akipotea anatoa rundo la biti mbaya kabla ya kurudi, huku akiwa hana dalili ya kusitasita. Ukitaka kujua hali ikoje, chukua biti alizotoa, zisimbe upya, uzilinganishe na zilizopokewa. Idadi ya tofauti ikipanda polepole, kelele inaongezeka. Ikiwa ni ndogo muda mrefu kisha inaruka ghafla, una mfifio, yaani ishara yenyewe imedhoofika kwa muda.

Dawa ya kawaida ni kuchanganya mpangilio wa biti kabla ya kutuma na kuupanga upya zikifika, ili pigo moja la mfululizo ligawanyike. GSM inatawanya kila kipande cha sauti kwenye mipasuko 8 ya redio, yaani vipindi vifupi vya kutuma. Wi-Fi ya 802.11a inachanganya ndani ya alama moja tu, ambayo ni mikrosekunde 4, basi inatawanya makosa ya masafa lakini si ya muda. Sasa fikiria kiungo kinachovuka Ghuba ya Winam, kutoka upande wa Kisumu kwenda Kendu Bay. Maji yaliyotulia ni kioo. Wimbi moja linafika moja kwa moja, lingine linafika baada ya kugonga ziwa, na yakikutana yakiwa kinyume yanafutana. Ufutaji huo unaweza kudumu sekunde na dakika, na kwa muda wote huo kila volti inayofika iko karibu na sufuri. Kipokezi kinachotunza shaka kitakuwa na shaka juu ya kila kitu, na hesabu yetu ya +2.3 haina cha kujumlisha. Hapo kazi inatoka kwa msimbo na kurudi mlingotini: antena mbili zinafungwa kwenye urefu tofauti, ili pale moja inapofutwa na mwakisiko wa maji, nyingine iwe bado inasikia.