Amonium asetati: pH 7 si sawa na bafa ya 7

"Amonium asetati pH yake ni 7. Basi si ndiyo bafa ya 7 hiyo? Mbona wengine wanakataa?"

Wanaokataa wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Ile 7 imetokana na nguvu mbili dhaifu zilizolingana. Asidi ya asetiki ina pKa 4.76, na ioni ya amoniamu ina 9.25. Wastani wake ni 7.0, na ukolezi haumo katika hesabu hiyo. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa skuli wanapodhani kwamba chumvi hii haiguswi na maji. Inaguswa: kiasi cha asilimia 0.57 ya ioni zake hugeuka amonia na asidi ya asetiki, ila kwa usawa, asidi na besi zikafutana.

Sasa bafa ni uwezo wa kustahimili asidi au besi inayoongezwa, nao huwa mkubwa karibu na pKa. Hapa 7 iko katikati ya pKa mbili, mbali na zote kwa zaidi ya vipimo viwili. Chukua mililita 100 za myeyusho wa 0.1 M, tia mililita 1 ya asidi ya haidrokloriki ya 1 M. Asetati inaipokea asidi yote, asetati inabaki 0.09 na asidi ya asetiki inakuwa 0.01, na pH inashuka hadi 5.7. Bafa ya fosfeti ya 0.1 M, iliyoanzia 7, kwa asidi ileile ingeshuka hadi 6.8 tu.

Wanaoiita bafa nao hawakosei kabisa. Maabara za udongo hutumia myeyusho wa 1 M, uliosawazishwa kuwa 7, kung'oa kalsiamu na potasiamu kutoka kwenye udongo. Kwa ukolezi huo, mililita ileile ya asidi huishusha pH hadi 6.7 hivi. Wingi wa chumvi ndio unaobeba, si ubora wa bafa. Ukipunguza ukolezi hadi 0.1 M ili kubana matumizi, pH ya mwanzo itabaki 7 na utadhani mambo ni sawa, huku ustahimilivu umeshapungua mara kumi.

Hali ya hewa ya unyevu kama ya kwetu Unguja na Pemba inaongeza tatizo jingine. Unga wake hunyonya unyevu na kupoteza amonia, kwa hivyo gramu 77 kwa lita huweza kusoma chini ya 7. Sawazisha kwa amonia iliyozimuliwa, tone kwa tone, kabla ya kujaza hadi alama ya lita moja. Katika lita ya 0.1 M, tone moja la amonia kali ya 15 M huipandisha pH kwa 0.3 hivi, katika 1 M, ni kwa 0.03.

Na kwa udongo wa maweni wenye chokaa, hata pH iwe 7 kamili, myeyusho huu huyeyusha sehemu ya chokaa yenyewe, na kalsiamu husomeka kubwa kuliko ile inayobadilishana kweli.