Mwaka wa kuhitimu na mshahara unaokufuata

"Waliomaliza chuo 2020 wamepata miaka ya kutosha kujipanga. Wakome kusingizia korona."

Kauli hiyo husikika mara nyingi, na haikosi msingi. Uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, kisha ukakua kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka uliofuata. Mashamba ya maua ya Naivasha, yaliyokuwa yakitupa maua Machi 2020 kwa kukosa ndege na wanunuzi, yalirudi kuajiri. Hata utafiti wa wachumi Oreopoulos, von Wachter na Heisz kuhusu wahitimu wa Kanada unaiunga mkono kwa sehemu. Waliohitimu wakati wa mdororo walianza na mapato ya chini kwa takriban asilimia 9. Baada ya miaka mitano pengo lilikuwa limepungua kwa nusu, na kufikia mwaka wa kumi lilikuwa limeisha.

Lakini wanaoinukuu miaka hiyo kumi huruka jambo lililo muhimu zaidi: pengo lilizibwa na nini? Si muda peke yake. Katika mdororo, mhitimu huishia kwa mwajiri mdogo anayelipa kidogo, na sehemu kubwa ya kupona kwake hutokana na kuhama, kazi moja hadi nyingine, mpaka awafikie waajiri wanaolipa vizuri. Wahitimu ambao taaluma na vyuo vyao havikuwa na soko kubwa hawakuhama vya kutosha, na hasara yao ilidumu. Huko Marekani, mchumi Lisa Kahn aliwafuatilia waliohitimu kati ya 1979 na 1989, akakuta waliohitimu wakati uchumi ulipokuwa mbaya bado wanalipwa pungufu miaka 15 baadaye.

Basi tuje Kisumu. Tuseme wahasibu wawili wenye shahada ileile. Wa kwanza alihitimu 2019, akaingia kwenye sako kubwa, chama cha akiba na mikopo, kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Wa pili alihitimu 2020, akakosa, akashika kazi ya kuandika hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye kwa 22,000. Wote wawili wanaongezwa asilimia 5 kila mwaka. Ukilinganisha miaka mitatu ya kwanza ya kazi ya kila mmoja, wa pili amepata pungufu ya shilingi 680,940. Hizo zimekwenda, wala hakuna atakayemrudishia.

Mwanzoni mwa mwaka wake wa nne anaomba kazi kwenye sako nyingine. Wa kwanza, alipoingia mwaka wake wa nne, alikuwa akipokea 46,305. Kwenye usaili, wa pili anaulizwa, "Unalipwa ngapi sasa hivi? Lete hati za mshahara za miezi mitatu." Zinaonyesha 24,255. Mwajiri anamwongeza asilimia 20, anaona amekuwa mkarimu, na anamwandikia 29,106. Lau angemlipa kiwango cha nafasi yenyewe, tuseme 40,000, pengo lingebaki 6,305 kwa mwezi. Kwa kutumia zile hati, limebaki 17,199. Mdororo uliisha zamani, lakini bei yake imeandikwa upya katika barua mpya ya ajira.

Na mshahara ni nusu tu ya habari. Dukani aliandika mauzo na madeni kwenye kaunta buku. Hakuandaa hesabu za kukaguliwa, hakukabiliana na mkaguzi, hakusimamia mikopo ya wanachama. Anayesoma wasifu wake anaona miaka mitatu ya kazi, ila si ile anayoitafuta. Zaidi ya hapo, HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, hutaka marejesho yaanze mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayeshindwa kulipa hutozwa faini ya 5,000 kwa mwezi. Kwa mtu wa 22,000, kuacha kazi ili atafute nyingine kwa utulivu si jambo la kufikiria.

Walimu wana hali tofauti, na hapa wenye kauli ile ya mwanzo wana hoja nzuri. Mwalimu akishaajiriwa na TSC, tume inayoajiri walimu wa shule za umma, kwa masharti ya kudumu, mshahara hufuata daraja lake, hauangalii alilipwa ngapi na shule ya kibinafsi. Tena TSC imekuwa ikiwapa alama zaidi waliohitimu mapema. Anachopoteza ni miaka ya kusubiri na nyongeza zake, jambo zito, lakini haanzi kila kazi akibebeshwa bei ya mwaka 2020.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba pengo hili linatokana na uvivu. Kanada ina miji mingi yenye waajiri wa kuhamia. Mhasibu wa Kibuye akishamaliza sako, benki na viwanda vichache vya Kisumu, anatazama Nakuru au Nairobi, kwa kodi mpya na nauli mpya. Mwenye nafasi ya kumhamisha ni mwajiri anayetangaza kiwango cha mshahara kwenye tangazo lenyewe, kisha akampima mwombaji kwa mtihani wa kazi: mpe hesabu za mwezi mmoja zenye makosa, mtazame akizisawazisha. Hati za mshahara hazitamwonyesha hilo.