Bajaji ya asilimia 35 na kiwanja cha 29: kwa nini mimi naifuata MIRR

"Kama IRR ya bajaji ni asilimia 35 na ya kiwanja ni 29, si bajaji imeshashinda? MIRR ya nini tena?"

Haijashinda bado. IRR ni asilimia ya faida kwa mwaka ambayo biashara inalipa kwenye hela iliyo ndani yake, na MIRR ni IRR iliyorekebishwa ili ihesabu pia hela inayorudi unaipeleka wapi. Hesabu yenyewe fupi tu, tuifanye hapa hapa. Bajaji unainunua milioni 10, inakuingizia milioni 5 safi kila mwisho wa mwaka kwa miaka 4, baada ya hapo imechoka, tuseme haiuziki tena. Kiwanja nacho milioni 10 hiyohiyo, miaka 4 yote hakikupi hata shilingi, halafu unakiuza milioni 28. Ni mfano wa kutunga na namba nimezipanga ziwe rahisi kufuatilia, ila sura ya biashara hizi mbili kila mtu anaijua, moja inalipa mapema na kidogo kidogo, nyingine inalipa mwishoni kwa mkupuo. IRR ya bajaji inatoka 34.9, ya kiwanja 29.4, na hapo watu wengi wanafunga daftari.

Swali ambalo linarukwa ni hili: ile milioni 5 ya mwaka wa kwanza ilienda wapi? Maana mtu akiambiwa biashara inalipa asilimia 34.9 kwa mwaka kwa miaka 4, kichwani anaona milioni 10 zake zinakua kwa kasi hiyo mwanzo mpaka mwisho, na milioni 10 zikikua kwa asilimia 34.9 miaka 4 zinafika milioni 33.1. Sasa ihesabu bajaji yenyewe. Imekuletea milioni 20 mkononi basi. Ili zifike 33.1 lazima kila milioni 5 inayoingia uitoe siku hiyohiyo uiweke mahali pengine panapolipa asilimia 34.9, bila kukosa, mpaka mwaka wa 4 uishe. Ukiiweka mahali panapolipa asilimia 10, milioni 5 ya kwanza inakua miaka 3, ya pili miaka 2, ya tatu mwaka mmoja, ya mwisho haikui kabisa, na jumla inakuwa milioni 23.2. Tofauti na ile 33.1 ni kama milioni 9.9, yaani karibu bei ya bajaji nyingine nzima, na hiyo hela haijaibiwa na mtu wala haijapotea njiani, haikuwepo toka mwanzo, ilikuwepo kwenye namna tunavyoisoma asilimia tu.

MIRR inachofanya ni kukuuliza hilo swali wazi wazi. Hela zote unazotoa inazirudisha mpaka leo kwa riba unayokopea, hela zote zinazoingia inazipeleka mpaka mwaka wa mwisho kwa riba unayoweza kweli kuipata ukiziwekeza tena, halafu inauliza: kutoka ile ya mwanzo mpaka hii ya mwisho, ni ukuaji wa asilimia ngapi kwa mwaka? Kwa bajaji ni kutoka 10 mpaka 23.2 kwa miaka 4, jibu 23.4. Kwa kiwanja hakuna kilichoingia katikati cha kuwekeza tena kwahiyo jibu linabaki 29.4 vilevile. Kwenye Excel ukiwa umepanga namba kuanzia B2 (-10, halafu 5 nne) unaandika hivi:

```
=IRR(B2:B6)
=MIRR(B2:B6, 0.10, 0.10)
```

Ile 0.10 ya kwanza ni riba ya kukopea, ya pili ni riba ya kuwekeza tena. Hapa ya kwanza haibadilishi kitu kwa sababu unatoa hela mara moja tu mwanzoni, ya pili ndo yenye kazi.

Sasa tuwe wa haki, kuna upande wa pili na una hoja nzito kuliko watu wanavyodhani. Wapo wataalamu wa fedha wanaosema IRR haijawahi kudhani chochote kuhusu kuwekeza tena, na kihesabu wako sahihi kabisa. Ichukulie bajaji kama mkopo ambao wewe umeukopesha. Umekopesha milioni 10 kwa asilimia 34.9, mwaka wa kwanza riba ni milioni 3.49, umelipwa 5, deni limebaki 8.49. Mwaka wa pili riba inapigwa kwenye 8.49 tu, unalipwa 5, linabaki 6.45. Mwaka wa tatu linabaki 3.71, mwaka wa nne linaisha. Ona hapo hakuna popote tulipouliza hizo milioni 5 umezifanyia nini, hata ungezichoma moto IRR ingebaki 34.9. Kwahiyo IRR ni kasi ya ile hela ambayo bado iko ndani ya biashara, na hela iliyo ndani inapungua kila mwaka, kutoka 10 mpaka 8.49 mpaka 6.45 mpaka 3.71. Kama namba hiyo ndo unayoitaka, kwa mfano unataka kujua riba ya kweli ya mkopo, IRR haina kasoro yoyote na MIRR itakuharibia tu.

Hoja hiyo naikubali yote, ila angalia inatuacha wapi. Mwenye milioni 10 hachagui kasi ya hela iliyobaki ndani, anachagua atakuwa na nini mwisho wa safari. Ukizipanga asilimia mbili, 34.9 na 29.4, ukasema kubwa imeshinda, unalinganisha kasi inayopigwa kwenye hela inayopungua na kasi inayopigwa kwenye hela nzima miaka yote 4. Kosa liko kwenye kulinganisha, na kusema "IRR haidhani kitu" hakumsaidii mtu anayechagua kati ya bajaji na kiwanja, kwa sababu yeye ndo anadhani, bila kujua, na dhana aliyoibeba ni kwamba atapata bajaji nyingine za asilimia 34.9 kila mwaka. Ndo maana nasema MIRR inatengeneza pale panapovuja kweli. Na kama bado una wasiwasi, pima kwa NPV, yaani thamani ya leo ya hela zitakazoingia ukiondoa hela uliyotoa, kwa asilimia 10: bajaji inatoa milioni 5.85, kiwanja 9.12. NPV na MIRR zinasema kiwanja, IRR peke yake ndo inasema bajaji.

Mimi namba ninayoipenda kuliko zote kwenye mfano huu ni 23. Ukitafuta ni riba gani ya kuwekeza tena itaifanya bajaji ifike zile milioni 28 za kiwanja, inatoka karibu asilimia 23. Hapo mjadala wote umegeuka kuwa swali ambalo mtu wa kawaida anaweza kulijibu: je, una mahali pa kuweka milioni 5 kila mwaka ukapata asilimia 23? Kuponi ya hati fungani ya serikali ya Tanzania ya miaka 25 iliwahi kufika asilimia 15.95 kabla haijashushwa 2022, na watu waliifurahia sana, lakini hata kwa riba hiyo bajaji ingeishia milioni 25.3, bado chini ya kiwanja. Kwa upande mwingine kama wewe ni fundi, una gereji, una wateja, na kila milioni 5 inaingia kwenye vipuri vinavyozunguka kwa faida ya asilimia 30, basi chukua bajaji na MIRR yenyewe itakwambia uchukue bajaji. Hailazimishi jibu, inataka useme hela inaenda wapi.

Na tusifikiri hili ni tatizo la wenye bajaji tu. Kampuni kubwa ya uwekezaji ya Apollo ya Marekani, iliyoanza 1990, kwa miaka mingi imekuwa ikitangaza IRR ya jumla ya asilimia 39 toka ianze, kabla ya kutoa ada. Isome kama watu wengi wanavyoisoma: dola 1 ikikua kwa asilimia 39 miaka 30 inafika karibu dola 19,500. Hakuna mwekezaji aliyepata hivyo, na Apollo haijadanganya hesabu, IRR ndo ilivyo. Mifuko ya mwanzo ilirudisha hela haraka na kwa faida kubwa, na kwa kuwa IRR inazipa uzito mkubwa hela zinazowahi, yale mafanikio ya mwanzo yakiingia kwenye hesabu ya toka kuanzishwa yanaikaza, mifuko ya baadaye ikifanya vizuri au vibaya ile namba inasogea kidogo mno. Mtu wa mfuko wa pensheni akilinganisha hiyo 39 na faida ya soko la hisa anafanya kosa lilelile la bajaji na kiwanja, na pale ni pensheni za watu. Na si wachache wanaoitumia: Graham na Harvey walipowauliza wakuu wa fedha 392 wa makampuni, kwenye utafiti uliochapishwa 2001, karibu asilimia 76 walisema IRR wanaitumia kila mara au karibu kila mara.

MIRR nayo ina pa kuchunga, na pa kwanza ni ile riba ya kuwekeza tena, iko mkononi mwa anayeandika. Anayetaka mradi wake upite anaweka 25 badala ya 10 na namba inapanda bila biashara kubadilika hata kidogo. Kwahiyo ukiletewa MIRR bila riba yake pembeni, irudishe. Na kama hela utakula, ukiweka sifuri bajaji inashuka mpaka 18.9, lakini hapo sidhani ni sawa kuiadhibu, maana chakula na ada ya watoto ni matumizi yenye thamani, mtu mwenye shida ya hela ya kila mwezi ana sababu halali ya kuchagua bajaji hata kama MIRR inakipenda kiwanja.

La pili ni mwaka wa mwisho. Chukua zile milioni 23.2 za bajaji uziache kwa asilimia 10 mpaka mwaka wa 8, MIRR inashuka kutoka 23.4 mpaka karibu 16.5, wakati bajaji ni ileile na iliisha kazi zamani. Kadri unavyorefusha ndivyo inavyovutwa kuelekea ile 10. Kwahiyo ukilinganisha mradi wa miaka 4 na wa miaka 8 lazima yote miwili uipeleke mwaka mmoja, la sivyo umerudia kosa ulilokuwa unalikimbia. Na kama mmoja ni wa milioni 10 na mwingine wa milioni 100, asilimia yoyote ile, iwe IRR au MIRR, haitakwambia shilingi ngapi zinabaki mfukoni, hapo tumia NPV.